Mbolea Inapokosa Nafasi: Asidi na chokaa kwenye udongo mwekundu wa Kangeta

Ukishuka barabara ya Maua kuelekea Meru mwezi wa Novemba, wakati mvua za vuli zimeshika, angalia mahindi yaliyopandwa katikati ya miraa pale Kangeta. Kuna mashamba ambayo mahindi yamefika magotini na yana rangi ya kijani iliyokolea. Kuna mengine, ng'ambo ya ua tu, ambayo mimea imedumaa na kingo za majani ya chini zimegeuka zambarau. Mwenye shamba hilo la pili atakwambia kwamba mbegu alinunua dukani, mvua anaiona mwenyewe, na DAP aliiweka katika kila shimo.

Zambarau hiyo kwa kawaida ni dalili ya upungufu wa fosforasi. Hapo ndipo kitendawili kilipo, kwa maana DAP ni mbolea iliyojaa fosforasi. Namba 18:46:0 zilizochapishwa kwenye mfuko zinaeleza kwamba asilimia 46 ya uzito wake ni fosforasi, ikihesabiwa kama P2O5 jinsi viwanda vinavyohesabu. Mkulima ameilipia, akaibeba, akaifukia ardhini, lakini mmea unalala njaa.

Rangi ya majani peke yake isikufanye utoe hukumu. Baridi ya asubuhi za milimani nayo huweza kuyatia zambarau mahindi machanga, kisha yakapona yenyewe. Ushahidi ulio bora uko chini. Chimba mmea mmoja kwa jembe, uoshe mizizi polepole, uitazame. Mizizi yenye afya ni myeupe, imetawanyika na ina nyuzi nyembamba nyingi. Ukikuta mizizi mifupi, minene, yenye ncha butu za rangi ya kahawia na isiyo na matawi madogo, basi kuna kitu kinachoichoma. Kwenye udongo mwekundu wa milima yenye mvua nyingi, mshukiwa wa kwanza ni aluminiamu.

Aluminiamu haikuletwa na mtu. Imo katika kila punje ya mfinyanzi, na udongo ukiwa katika hali nzuri, imefungwa ndani ya madini na haimdhuru yeyote. Kinachoifungua ni asidi. Kiwango cha asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho kina namba kuanzia 0 hadi 14, na 7 ikiwa katikati. Kadiri namba inavyoshuka chini ya 7 ndivyo asidi inavyozidi. Watu wengi hupotoshwa na jinsi namba hizo zinavyopanda na kushuka. Hatua moja si nyongeza ndogo. Udongo wa pH 5 una asidi mara kumi zaidi ya udongo wa pH 6, na wa pH 4 una mara mia. Kwa hiyo mkulima anayeambiwa shamba lake limeshuka kutoka 6 hadi 5 asidhani amepoteza sehemu moja kati ya sita.

Karibu na pH 5.5 kuna mpaka muhimu. Juu yake, aluminiamu hubaki imetulia. Chini yake huanza kuyeyuka na kuingia kwenye maji ambayo mizizi huyanywa, na ikifika 5.0 au chini zaidi, mahindi na maharagwe huanza kuumia waziwazi. Fosforasi nayo hunaswa. Aluminiamu na chuma vilivyo kwenye udongo mwekundu huishika na kuifanya kitu kisichoyeyuka, ambacho mzizi hauwezi kukifyonza. Maharagwe yana tatizo la ziada: bakteria wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi na kuyapatia naitrojeni hawapendi asidi, na madini ya molibdeni wanayoyahitaji hupungua kadiri pH inavyoshuka. Ndiyo maana maharagwe ya shamba lenye asidi huwa na vinundu vichache, vidogo, ambavyo ukivipasua havina ile rangi ya waridi ndani.

Hadi hapa tumezungumzia pH peke yake, na makala nyingi za kilimo huishia hapo. Naona hilo ni kosa, hasa kwa watu wa miteremko ya Nyambene kama hawa wa Kangeta, kwa sababu pH hukuambia kwamba shamba linaumwa lakini haikuambii dozi. Dozi inategemea jambo la pili, ambalo kwenye karatasi ya maabara huandikwa CEC.

Punje za mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi kwenye nyuso zao, na virutubishi kadhaa vina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa na kushikwa hapo. Fikiria viti vya matatu. Potasiamu ikipanda hukalia kiti kimoja. Kalsiamu na magnesiamu, kila moja hukalia viti viwili. Aluminiamu ni abiria mnene anayekalia vitatu, na haidrojeni, yaani asidi yenyewe, hukalia kimoja. CEC ni idadi ya viti vyote. Abiria hawashuki kirahisi mvua inaponyesha, lakini mzizi unaweza kumshusha mmoja kwa kumpandisha mwingine: hutoa haidrojeni na kuchukua potasiamu au kalsiamu. Biashara hiyo ya kubadilishana ndiyo inayolisha mmea msimu mzima. Udongo wenye viti vichache hauwezi kuweka akiba, hivyo potasiamu yote unayoitia kwa siku moja husombwa na mvua kubwa ya kwanza.

Sasa udongo mwekundu wa Nyambene una viti vya namna gani? Milima hii ni ya volkano, na miamba yake imeoza kwa muda mrefu sana chini ya mvua nyingi. Udongo uliozaliwa hapo wanasayansi huuita nitisoli. Ni mzito, wenye kina kirefu, unaong'aa kidogo ukiukata kwa jembe, na ndugu zake wa karibu wako Embu na Meru kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika ukanda wa chai na kahawa. Mfinyanzi wake wa aina ya kaolini, ukiwa peke yake, una viti vichache: kati ya 3 na 15 hivi kwa kipimo cha maabara kinachoitwa me%. Mboji, kwa upande wake, inaweza kuwa na 200 au zaidi kwa uzito uleule. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu ya shamba la Kangeta imo kwenye ile rangi nyeusi ya sentimita chache za juu, na mkulima anayechoma mabua au kuyauza yote kama chakula cha ng'ombe wa jirani anauza viti.

Kuna sifa nyingine ya udongo huu ambayo haifahamiki sana. Idadi ya viti haikai palepale. Kwenye mfinyanzi mwekundu wenye chuma na kwenye mboji, chaji hasi huongezeka pH inapopanda na hupungua inaposhuka. Kwa hiyo asidi inamwibia mkulima mara mbili: inajaza viti kwa aluminiamu na haidrojeni, halafu inaviondoa vingine kabisa. Chokaa inaporudisha pH, faida nayo huja mara mbili.

Asidi yenyewe imetoka wapi? Sehemu yake ni kazi ya mvua, ambayo kwa maelfu ya miaka imekuwa ikisomba kalsiamu na magnesiamu kuzipeleka chini, mbali na mizizi, na kuacha aluminiamu. Sehemu nyingine ni mavuno. Kila gunia la mahindi, kila kifurushi cha miraa kinachopandishwa kwenye gari kabla ya saa sita mchana kuelekea Nairobi, kinaondoka na potasiamu na kalsiamu ya shamba. Miraa huvunwa mara nyingi kwa mwaka na kinachovunwa ni machipukizi machanga, ambayo ndiyo yenye virutubishi vingi. Mabaki yake hayarudi Kangeta.

Sehemu ya tatu ni mbolea yenyewe. Naitrojeni ya DAP iko katika umbo la amonia, na bakteria wa udongo wanapoigeuza kuwa naitreti hutoa asidi. Mfuko mmoja wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni. Kwa makadirio yanayotumika na wataalamu wa mbolea, asidi yake huhitaji kilo 30 hadi 50 za chokaa safi ili kuifuta. Kwa shamba la ekari moja linalotiwa mfuko mmoja kila msimu, misimu miwili kwa mwaka, kwa miaka kumi, hilo ni deni la kilo 600 hadi 1,000 za chokaa ambalo hakuna aliyelilipa. CAN, kwa kuwa imechanganywa na chokaa kiwandani, haina madhara makubwa ya namna hiyo. Tangu mfuko wa mbolea ya ruzuku ushuke hadi Sh2,500 mwaka 2023, wengi wameweza kutia mbolea zaidi. Ni jambo jema, lakini deni hilo nalo hukua haraka zaidi kwa wanaotumia DAP peke yake.

Dozi haikisiwi kwa macho. Udongo hupimwa, na kuuchukua vizuri ni nusu ya kazi. Tembea shambani kwa njia ya kupindapinda, uchimbe sehemu 10 hadi 15, kila moja kina cha sentimita 20, na ukate kipande chembamba cha ukuta wa shimo kutoka juu hadi chini. Epuka palipokuwa na zizi, rundo la samadi, jivu la jikoni, kichuguu au shina la mti. Changanya vipande vyote kwenye ndoo safi, uchukue nusu kilo, uianike kivulini. Usitumie mfuko uliobeba mbolea, maana chembe chache tu zitaharibu matokeo. Kama shamba lina mteremko, sehemu ya juu na ya chini zipimwe mbalimbali, na palipo na miraa pasichanganywe na pa mahindi matupu. KALRO ina kituo Embu, na maabara yake kuu ya udongo iko Kabete, Nairobi.

Karatasi ikirudi, tazama pH kwanza. Ikiwa chini ya 5.5, tafuta mstari wa pili unaoeleza asidi inayobadilishana, yaani kile kiasi cha aluminiamu na haidrojeni kilichokalia viti. Huandikwa kwa me% pia. Mstari huu ndio unaobeba dozi.

Tuchukue mfano. Shamba la ekari moja kwenye udongo mwekundu lina pH 5.0 na asidi inayobadilishana ya 1.2 me%. Kanuni iliyozoeleka kwa udongo wa nchi za joto ni kuzidisha namba hiyo kwa 1.5, ili chokaa iwe na ziada kidogo: tunapata 1.8. Kwa udongo wa volkano kama huu, ambao ni mwepesi kwa ujazo, katika kina cha sentimita 20, kila 1 me% huhitaji karibu tani moja ya chokaa safi kwa hekta. Kwa hiyo ni tani 1.8 kwa hekta. Lakini chokaa ya dukani si safi yote. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 80, gawanya kwa 0.8, upate tani 2.25. Hekta moja ni ekari 2.47, kwa hiyo ekari moja itahitaji kilo 910 hivi, yaani mifuko 18 ya kilo 50.

Sasa tushuke hadi nyanda za Mbeere, upande wa Embu, ambako kuna mashamba mengi ya udongo wa kichanga. Tuseme shamba moja huko nalo lina pH 5.0 ileile, lakini kwa sababu viti vyake ni vichache, asidi inayobadilishana ni 0.3 tu. Mchanga ni mzito zaidi kwa ujazo, hivyo tunahesabu tani 1.4 badala ya moja kwa kila me%. Hesabu hutoa tani 0.79 kwa hekta, au kilo 320 kwa ekari: mifuko sita na nusu. Namba ya pH ni moja, dozi ni karibu theluthi. Mkulima wa Mbeere akimwiga shemeji yake wa Kangeta, atatia chokaa kupita kiasi, pH ipande hadi zinki, chuma, manganizi na boroni zianze kukosekana, na mahindi yaoneshe michirizi myeupe ya upungufu wa zinki. Mkulima wa Kangeta akimwiga wa Mbeere atasema chokaa ni uongo, kwa sababu mifuko sita itamezwa bila pH kusogea. Udongo wenye viti vingi vilivyokaliwa na asidi una ukaidi, na ukaidi huo lazima ulipiwe.

Chokaa yenyewe ni ya aina kadhaa na hapa wanunuzi hudanganyika. Chokaa ya shamba ni jiwe la kalsiamu kabonati lililosagwa. Nchini Kenya huchimbwa Koru, Kisumu, na upande wa Athi River, hivyo kwa mtu wa Kangeta nauli inaweza kuwa sehemu kubwa ya gharama, na ni busara majirani kukodi lori kwa pamoja. Ukiwa na magnesiamu ndogo kwenye matokeo, tafuta ya dolomiti, ambayo ina kalsiamu na magnesiamu zote. Chokaa ya kupaka ukuta ni kitu kingine. Ina nguvu zaidi kwa kila kilo, inafanya kazi haraka, na inaunguza mikono, macho na miche. Jasi nayo huuzwa kama chokaa na haina uwezo wa kupandisha pH hata kidogo, ingawa inaleta kalsiamu. Majivu ya kuni ni chokaa ya kweli, tena yana potasiamu, lakini nguvu yake kwa kawaida ni robo hadi nusu ya chokaa, na jiko moja halitoi majivu ya ekari.

Tazama pia usagaji. Chokaa hutenda kazi pale tu inapogusa udongo, na chembe kubwa za kama mchanga zinaweza kukaa miaka bila kuyeyuka. Isugue kati ya vidole: iwe kama unga wa ngano, isiwe kama sukari. Hivyo, mfuko wa bei nafuu uliosagwa ovyo unaweza kuwa ghali kuliko mwingine.

Kuitia kunahitaji muda. Meru na Embu hupata mvua mbili, na kwa Kangeta vuli ya Oktoba hadi Desemba ndiyo wengi wanayoitegemea. Chokaa inyunyizwe sawasawa juu ya shamba lote mwezi wa Agosti au Septemba, ilimwe mara moja kwa jembe hadi sentimita 15 au 20, na mvua ya kwanza iikute chini. Ikiachwa juu kwenye mteremko, itashuka na maji hadi mtoni. Isichanganywe siku moja na samadi mbichi, DAP au mbolea nyingine ya amonia, kwa maana amonia itaruka hewani na naitrojeni itapotea. Ziachane wiki tatu au nne. Mtu asiye na fedha za mifuko 18 anaweza kugawa dozi kwa misimu miwili au mitatu, au kuweka kiasi kidogo katika mistari ya kupandia kila mwaka. Itasaidia eneo la mizizi tu na si shamba zima, lakini ni bora kuliko kuacha kabisa.

Kuna mambo ambayo chokaa haiwezi. Haileti naitrojeni wala fosforasi. Inafungua njia, kisha mkulima bado anahitaji mbolea na samadi, na kwenye udongo mwekundu sehemu ya fosforasi itaendelea kunaswa na chuma hata pH ikiwa 6. Samadi husaidia hapo, kwa sababu mboji hujifunga na aluminiamu na kuipunguzia sumu, tena huongeza viti. Chini ya miraa mikongwe kazi ni ngumu zaidi, kwani huwezi kulima kwa kina bila kukata mizizi. Chokaa itatandazwa juu na kupekechwa kidogo, na itachukua miaka kushuka. Chai, inayolimwa sehemu za juu za Nyambene, isitiwe chokaa. Inapenda pH ya 4.5 hadi 5.5 na ikipandishwa zaidi ya hapo itadhoofika. Mwenye chai na mahindi katika shamba moja aweke mpaka na kuuheshimu.

Ukitia chokaa msimu huu, acha kipande cha upana wa mistari minne bila chokaa, kwa mbegu na mbolea zilezile. Mwezi wa pili baada ya kupanda, chimba mimea miwili mitatu kila upande na linganisha mizizi, halafu pasua vinundu vya maharagwe uone rangi ya ndani. Mavuno ya msimu wa kwanza huenda yasikuridhishe, maana chokaa huchukua miezi kadhaa kumaliza kazi. Pima tena udongo baada ya miaka mitatu, si kabla ya hapo, na ukishamaliza dozi yako usiongeze mfuko hata mmoja kabla ya karatasi hiyo kurudi.